Magunia ya Wengi, Godauni Moja: Jinsi Mfumo Unavyotenganisha Mauzo Yako na ya Jirani

"Mwanangu, hizi taa za Probox ni za nani?"

Swali hilo nililipokea kwa simu asubuhi moja, kutoka kwa mama mmoja anayeuza leso Biashara Street, hapa Mombasa. Alikuwa ameandika neno "nyekundu" kwenye kisanduku cha kutafutia bidhaa, apate kujua zimebaki doti ngapi za leso nyekundu stoo. Leso zake zikaja zote. Chini yake ikaja bidhaa asiyoijua: taa ya nyuma ya Probox, upande wa kushoto, pamoja na bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Yeye hauzi vipuri. Anayeuza vipuri ni mtu mwingine kabisa, ana duka lake Mwembe Tayari, na hawajuani. Kilichowakutanisha ni kwamba wote wawili walikuwa wanatumia mfumo mmoja wa mauzo wa mtandaoni, na mimi ni mmoja wa walioutengeneza.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeshaenea kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara. Kuna aliyesema mfumo umedukuliwa. Kuna aliyesema data zinauzwa. Mwingine akasema ndiyo maana yeye hajawahi kuacha daftari. Na swali lililorudiwa kuliko yote lilikuwa hili: kumbe vitu vyetu vimewekwa pamoja? Jibu ni ndiyo, vimewekwa pamoja, tena kwenye jedwali moja. Hakuna aliyedukua na hakuna aliyeuza. Lakini hofu ya yule mama ilikuwa ya haki, kwa sababu mtu akijua bei unayonunulia mzigo ameshajua nusu ya biashara yako. Ndiyo maana nimeona nilieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

Godauni la Shimanzi

Tuanze na maneno. Hifadhidata ni mahali mfumo unapoweka kumbukumbu zake. Ndani yake mna majedwali, na jedwali ni kama ukurasa wa daftari uliopigwa mistari: kila mstari ni kitu kimoja, mathalani uuzaji mmoja au bidhaa moja, na kila safu ni sifa ya kitu hicho, kama jina, bei au tarehe. Biashara inayotumia mfumo ambao biashara nyingine pia zinautumia tutaiita mpangaji, kama tunavyomwita aliyekodi chumba kwenye nyumba ya wengi.

Mwenye mfumo anaweza kuwapa wapangaji wake makao kwa namna tatu. Anaweza kumjengea kila mmoja hifadhidata yake peke yake. Anaweza kuwaweka kwenye hifadhidata moja lakini kila mtu na seti yake ya majedwali, kama vyumba kwenye nyumba moja. Au anaweza kuwaweka wote kwenye majedwali yaleyale, mistari yao ikichanganyika.

Namna hii ya tatu ndiyo inayotumika sana kwa mifumo ya maduka madogo, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Ukiwa na maduka 200, kila moja na hifadhidata yake, kuongeza safu moja tu ya "punguzo" ni kazi ya kurudiwa mara 200, na ikikwama kwenye duka la 131 utakuwa na maduka yanayotumia umbo la zamani na mengine la jipya. Gharama nayo hupanda, na anayeilipa mwishowe ni mwenye duka.

Basi fikiria godauni kule Shimanzi. Wafanyabiashara kumi wamekodi nafasi, lakini hakuna kuta ndani. Magunia yamepangwa popote palipopatikana nafasi, ya mchele juu ya ya maharagwe, ya Ali juu ya ya Mwangi. Kinachotenganisha mali ni chapa iliyopigwa kwa rangi kwenye kila gunia. Mchukuzi akiambiwa "lete magunia ya mchele yenye chapa 17", ataleta ya mwenyewe tu. Akiambiwa "lete magunia ya mchele", ataleta ya kila mtu, na hatakuwa amekosea, kwa sababu ametii alichoambiwa.

Kwenye jedwali chapa hiyo ni safu moja, tuiite `biashara_id`. Duka la leso ni namba 17, la vipuri ni namba 42. Kila mstari wa mauzo, wa bidhaa, wa mteja na wa deni unabeba namba ya mwenyewe. Na kila mfumo unapoiuliza hifadhidata jambo, lazima ombi litaje chapa:

```sql
SELECT * FROM mauzo
WHERE biashara_id = 17 AND tarehe = '2025-03-14';
```

Ondoa sehemu ya `biashara_id = 17` na utapata mauzo ya siku hiyo ya maduka yote 200. Hakuna kengele itakayolia. Hifadhidata haijui kwamba kuna watu wasiotakiwa kuonana, inajua namba tu.

Namba 17 inatoka wapi

Kabla ya kurudi kwa taa ya Probox, kuna jambo moja ambalo likikosewa mengine yote hayana maana. Ni nani anayeuambia mfumo kwamba huyu ni 17?

Jibu sahihi ni kwamba seva yenyewe inajua, kwa sababu mtumiaji alipoingia kwa nenosiri lake seva iliandika upande wake kwamba mtu huyu ni wa biashara 17. Jibu baya ni kwamba kivinjari cha mtumiaji ndicho kinachotaja, kwa mfano ndani ya anwani ya ukurasa: `/ripoti?biashara_id=17`. Chochote kinachotoka kwenye kivinjari kinaweza kubadilishwa na aliyekishika. Mtu akifuta 17 akaandika 42, naye ameingia kwa nenosiri halali, mfumo mzembe utamfungulia duka la watu.

Ndugu yake ni kosa la namba ya kitu. Ukiifungua risiti yako unaona `/risiti/5041`. Ukiandika 5042, je? Ikiwa mfumo unatafuta risiti kwa namba yake tu, bila kuangalia chapa, utaisoma risiti ya mtu mwingine. OWASP, jumuiya ya kimataifa inayoorodhesha udhaifu wa mifumo ya mtandao, iliweka kundi la makosa ya namna hii, yaani mtu kufikia asichoruhusiwa, katika nafasi ya 1 kwenye orodha yake ya 2021. Mwaka 2017 lilikuwa nafasi ya 5.

Hapa ndipo penye imani mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba kila mtu akiwa na nenosiri lake basi mambo yamekwisha. Nenosiri linathibitisha wewe ni nani pale mlangoni, lakini halisemi chochote kuhusu magunia utakayoletewa baada ya kuingia. Yule mama alikuwa ameingia kihalali, kwa nenosiri lake mwenyewe. Ya pili ni kwamba namba zikiwa ndefu na za kubahatisha, herufi 32 badala ya 5041, hakuna atakayezikisia. Ni kweli hatazikisia. Lakini anwani hutumwa kwa WhatsApp, hubaki kwenye historia ya kompyuta ya saiba, na zaidi ya hapo mfumo wenyewe unaweza kukuorodheshea vitu vya wengine bila wewe kukisia lolote. Yule mama hakukisia kitu, aliandika tu "nyekundu".

Mabano yaliyosahauliwa

Nilipokata simu nilidhani nitakuta ombi la kutafuta limesahau chapa. Nikalifungua, na chapa ilikuwepo:

```sql
SELECT * FROM bidhaa
WHERE biashara_id = 17
  AND jina LIKE '%nyekundu%'
   OR maelezo LIKE '%nyekundu%';
```

Lisome polepole, kwa sababu hata aliyezoea analipita. Aliyeliandika alikusudia hivi: nipe bidhaa za 17 ambazo neno "nyekundu" liko kwenye jina au kwenye maelezo. Hifadhidata ililisoma vingine. Kama vile katika hesabu 3 + 4 × 2 ni 11 na si 14, kwa kuwa kuzidisha kunatangulia kujumlisha, katika SQL, lugha tunayoiulizia hifadhidata, `AND` hutangulia `OR`. Kwa hiyo ombi likawa na pande mbili: bidhaa za 17 zenye "nyekundu" kwenye jina, *au* bidhaa yoyote ya yeyote yenye "nyekundu" kwenye maelezo. Chapa ililinda upande mmoja tu wa ombi.

Taa ile jina lake lilikuwa "Taa ya nyuma Probox". Kwenye safu ya maelezo mwenye duka la vipuri alikuwa ameandika "nyekundu, kushoto". Hapo ndipo ilipopenyea.

Kosa hilo lilikuwa limekaa kwenye mfumo kwa miezi, na nilijiuliza kwa nini hakuna aliyeliona. Sababu ni mbili. Safu ya maelezo haikuwa ya lazima, na karibu wenye maduka wote waliiacha tupu, na ombi linalotafuta ndani ya utupu halirudishi kitu. Ilipofika siku mfanyabiashara mmoja mwenye bidii akajaza maelezo ya kila kipuri, ndipo mlango ukaonekana kuwa uko wazi. Sababu ya pili ni yetu sisi. Tulipokuwa tukijaribu mfumo tulikuwa na duka moja tu la majaribio, na ukiwa na duka moja kila ombi linaonekana sahihi, kwa sababu hakuna jirani wa kuvuja.

Dawa ya siku ile ilikuwa mabano mawili tu, kuzunguka sehemu ya `OR`. Ilichukua dakika tatu. Lakini niliporudi kuhesabu, mfumo ulikuwa na maombi zaidi ya 300 yaliyoandikwa na watu wanne kwa nyakati tofauti, na usalama wa kila duka ulitegemea kwamba hakuna hata mmoja wetu, hata siku moja, atakayesahau chapa au mabano. Huo ni mzigo mkubwa kuubebesha kumbukumbu ya mtu anayefanya kazi saa nne za usiku.

Karani wa mlangoni

Turudi Shimanzi. Badala ya kutegemea kila anayekuja ataje chapa bila kukosea, tuweke karani kwenye mlango wa godauni. Mchukuzi anapoingia anavaa beji yenye namba ya aliyemtuma. Anapotoka, karani hutazama kila gunia: chapa ikilingana na beji linapita, isipolingana linarudi ndani. Mchukuzi aliyeambiwa "lete mchele" bila chapa atatoka na mchele wa aliyemtuma tu. Hata mwenye ombi bovu analindwa, na majirani zake wanalindwa naye.

PostgreSQL, mojawapo ya hifadhidata za bure zinazotumika sana duniani, ina karani huyo tangu toleo la 9.5 lililotoka Januari 2016. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita ulinzi wa ngazi ya mstari. SQL Server nayo ilimpata kwenye toleo la 2016. MySQL haina karani wa kujengewa, anayeitumia hubaki kutegemea nidhamu ya msimbo. Kumwajiri kwenye PostgreSQL ni mistari michache:

```sql
ALTER TABLE bidhaa ENABLE ROW LEVEL SECURITY;
ALTER TABLE bidhaa FORCE ROW LEVEL SECURITY;

CREATE POLICY kila_mtu_na_chake ON bidhaa
  USING (biashara_id =
    NULLIF(current_setting('app.biashara_id', true), '')::bigint);
```

Sharti lililo ndani ya `USING` ndilo karani analolisoma kwenye kila mstari, na `app.biashara_id` ndiyo beji. Sharti hilo huongezwa juu ya ombi zima, si juu ya upande wake mmoja. Nilipolirudisha lile ombi lisilo na mabano likapita kwa karani, leso zilikuja na taa haikuja. Tena sharti hilohilo hukagua kinachoingia: mtu wa 17 akijaribu kuandika mstari wenye chapa 42, hifadhidata inakataa na kutoa kosa.

Neno `NULLIF` pale lina kazi yake. Ikiwa mchukuzi amekuja bila beji, au beji yake ni tupu, sharti halilingani na gunia lolote na anatoka mikono mitupu. Nakubaliana na uamuzi huo kwa moyo wote. Mwenye duka akiona ripoti tupu atapiga simu kulalamika, na sisi tutajua. Akiona ripoti iliyojaa vitu vya watu, huenda asipige.

Karani anapolala

Laiti jambo lingeishia hapo. Kuna namna karani anaweza kuwa amesimama mlangoni, kila mtu anamwona, na hakagui chochote.

Ya kwanza ni mwenye jumba. Kwa kawaida karani hamkagui aliyelitengeneza jedwali, kama ambavyo mlinzi hamzuii mwenye godauni. Na timu nyingi huutumia mfumo kwa akaunti ileile iliyotengeneza majedwali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Wanaandika sera, yaani lile sharti analolisoma karani, wanafurahi, na sera haimhusu hata mtu mmoja. Ule mstari wenye `FORCE` unamlazimisha hata mwenye jedwali akaguliwe. Lakini kuna akaunti mbili ambazo `FORCE` haiziwezi: akaunti kuu ya hifadhidata, na akaunti yoyote iliyopewa ruhusa ya kumpita karani. Kwa hiyo mfumo upewe akaunti yake ndogo, isiyomiliki kitu, na hali yake ikaguliwe kutoka ndani ya mfumo wenyewe:

```sql
SELECT rolname, rolsuper, rolbypassrls
FROM pg_roles WHERE rolname = current_user;
```

Safu mbili za mwisho zikisoma `f` zote, karani anamkagua. Moja ikisoma `t`, sera zako zote ni mapambo.

Ya pili ni beji isiyovuliwa, na hii ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa karani anafanya kazi yake barabara huku akimlinda mtu asiye. Kufungua muunganisho mpya na hifadhidata huchukua muda, kwa hiyo mifumo hufungua michache, tuseme kumi, ikaiacha wazi, na maombi ya wateja wote yakapokezana. Ni wachukuzi kumi wanaotumwa na maduka 200. Mchukuzi akivaa beji ya 17, akamaliza kazi na asiivue, na kazi inayofuata ni ya duka 42 lililosahau kumvisha beji yake, ataingia na beji ya 17. Karani atamletea 42 mali ya 17 bila wasiwasi. Mbaya zaidi ni kwamba kosa hili linategemea nani amefuata nani, kwa hiyo kwenye kompyuta ya mtengenezaji, ambako yuko peke yake, halionekani kamwe. Hujitokeza Jumamosi jioni wakati maduka yote yanafunga hesabu.

Dawa yake ni beji inayodondoka yenyewe kazi ikiisha. Kazi yenye mwanzo na mwisho kwenye hifadhidata huitwa muamala, na beji inaweza kufungwa kwenye muamala mmoja tu:

```sql
BEGIN;
SELECT set_config('app.biashara_id', '17', true);
SELECT * FROM bidhaa WHERE maelezo LIKE '%nyekundu%';
COMMIT;
```

Lile `true` la mwisho maana yake ni "kwa muamala huu peke yake". `COMMIT` ikipita, beji inakuwa tupu, na kwa sababu ya `NULLIF` tuliyoiona, mchukuzi asiye na beji hapati kitu. Sehemu ya msimbo inayofungua muamala na kuvisha beji iwe moja tu kwa mfumo mzima, na maombi yote yalazimike kupitia hapo.

Ya tatu ni nyuzi zinazounganisha jedwali na jedwali. Mstari wa mauzo husema "bidhaa niliyoiuza ni namba 903", na hifadhidata huhakikisha 903 ipo. Ukaguzi huo wa kuwepo haupiti kwa karani, PostgreSQL inaufanya bila kujali sera, makusudi, ili nyuzi zisikatike. Maana yake ni kwamba mauzo ya 17 yanaweza kuandikwa yakielekeza kwenye bidhaa ya 42 na hifadhidata ikakubali. Siku ripoti itakapotengenezwa kwa akaunti yenye ruhusa pana, majina yatachanganyika. Tunachofanya ni kuifunga chapa ndani ya uzi wenyewe:

```sql
FOREIGN KEY (biashara_id, bidhaa_id)
  REFERENCES bidhaa (biashara_id, id)
```

Sasa uzi hauwezi kuvuka kutoka duka moja hadi jingine. Inabidi jedwali la bidhaa liwe limetangaza kwamba jozi ya `biashara_id` na `id` haijirudii. Na tukiwa hapo, namba ya risiti nayo iwe ya pekee ndani ya duka, si ndani ya mfumo mzima. Vinginevyo mama wa leso akiandika risiti 0001 ataambiwa "namba hii imeshatumika", naye atakuwa amejua jambo kuhusu jirani asiyemwona.

Je, si bora kila mtu awe na hifadhidata yake?

Niliulizwa hivyo na wengi baada ya mkasa wa taa, na ni swali zuri. Kwa hospitali au chama cha akiba na mikopo chenye maelfu ya wanachama, ningesema ndiyo, lipieni hiyo gharama. Kwa duka la rejareja sidhani. Hifadhidata tofauti haimwondoi yule anayechagua namba: bado kuna sehemu ya msimbo inayoamua ombi hili liende hifadhidata ya 17 au ya 42, na ikikosea, inakabidhi duka zima badala ya taa moja. Kukosea huko ni kugumu zaidi, hilo nakubali, lakini si muhali.

Wengine wanauliza mbona data zisisimbwe, yaani zigeuzwe zisisomeke bila ufunguo. Zinasimbwa, na ni vizuri. Hiyo hukulinda mtu akiiba diski ya seva. Lakini mfumo unao ufunguo, ndio maana unakuonyesha mauzo yako. Ukiombwa vibaya utafungua na kuonyesha vilevile. Ile taa ingetoka kwenye usimbaji na kutua kwenye skrini ya mama bila shida yoyote.

Na kuna wanaouliza sheria inasemaje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, nayo inahusu taarifa za watu: majina ya wateja, namba za simu, nani anadaiwa. Taarifa hizo zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari halisi ya kumdhuru mhusika, anayezidhibiti ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data. Mwenye mfumo anayezishughulikia kwa niaba yake anatakiwa kumwambia bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Wenye maduka wengi hawajui kwamba mbele ya sheria wao ndio wadhibiti wa taarifa za wateja wao, hata kama mfumo ni wa mtu mwingine. Kwetu sisi kilichovuja kilikuwa bei ya taa. Tulimpigia mwenye taa siku ileile tukamweleza, kwa sababu ilikuwa bei yake.

Pweza na ngisi

Baada ya kumweka karani tulibaki na swali: tutajuaje kama anafanya kazi? Kusoma msimbo hakutoshi, lile ombi la `OR` lilisomwa na watu wanne.

Tukatengeneza maduka mawili ya uongo. Duka la kwanza tulijaza neno PWEZA kila mahali panapoandikika: jina la bidhaa, maelezo, mteja, anwani, maoni ya risiti, hata safu ambazo hakuna anayezijaza. Duka la pili tukajaza NGISI. Kisha programu ndogo inaingia kama mtu wa Pweza, inafungua kila ukurasa, inatafuta, inapakua kila faili la Excel, inajaribu kufungua risiti za Ngisi kwa namba zake. Katika kila jibu inatafuta neno moja tu: NGISI. Likionekana popote, tumevuja. Ikiombwa risiti ya Ngisi, jibu linalotakiwa ni "haipo", yaani `404`, kwa kuwa ukisema "ipo ila huruhusiwi" umeshathibitisha kwamba ipo. Halafu inageuka, inaingia kama Ngisi na kutafuta PWEZA. Mwisho zinaendeshwa zote mbili kwa wakati mmoja, mamia ya maombi yakipishana kwenye miunganisho miwili tu, ili beji isiyovuliwa ijionyeshe.

Usiku wa kwanza tulikuta NGISI mahali pamoja. Ilikuwa kwenye ukurasa wa mbele, kwenye kisanduku cha "bidhaa 5 zilizouzwa zaidi leo". Hesabu ile ni nzito, kwa hiyo mfumo uliifanya mara moja ukaweka jibu kwenye kumbukumbu ya muda kwa sekunde 60, chini ya ufunguo `top5:2025-03-14`. Ufunguo haukuwa na chapa. Duka la kwanza kufungua ukurasa ndani ya dakika hiyo lilihesabiwa vyake, na waliofuata ndani ya dakika hiyohiyo wakaonyeshwa vya huyo wa kwanza. Karani hakuweza kusaidia, kwa sababu ombi la pili halikufika godauni kabisa, jibu lilitolewa nje ya mlango. Na aliyeona kitu cha ajabu akifungua upya baada ya dakika moja, kilikuwa kimeondoka.

Nilimpigia mama wa leso kumuuliza kama aliwahi kuona kisanduku hicho kikitaja kitu asichouza. Akanyamaza kidogo. "Siku moja kiliniambia nimeuza betri," akasema. "Nilifikiri ni macho yangu."

Ufunguo sasa ni `top5:17:2025-03-14`, na pweza na ngisi hupita kurasa zote kila usiku, saa nane.